Kura Mbili Nilizoziandika Kama Moja

Katibu wa kamati ya fedha alipokwenda likizo, nilikabidhiwa daftari lake siku mbili kabla ya kikao cha kupitia makisio ya bajeti. Sikuwa mgeni wa kuandika muhtasari. Nilikuwa nimeandika vikao vya idara kwa miaka kadhaa, vile ambavyo watu wanakubaliana, unaandika azimio, unapeleka kwa mwenyekiti, anatia saini. Nilichokuwa sijawahi kufanya ni kuandika msimamo wa kila mjumbe, kwa kila ajenda, pale wajumbe wanapogawanyika. Kanuni za halmashauri yetu zinataka hivyo kwenye kikao cha bajeti: mwananchi aweze kuona mwakilishi wake alisimama wapi kwenye kila jambo lililopigiwa kura.

Naeleza yaliyotokea kwenye ajenda moja tu, ya 5, kwa sababu makosa yangu yote yalikusanyika hapo. Wajumbe nitawataja kwa namba.

Kamati ina wajumbe tisa. Siku ile walifika wanane pamoja na mwenyekiti, na mmoja alileta udhuru. Kwetu mwenyekiti hapigi kura ila kura zikilingana. Kwa hiyo waliokuwa na kura mezani walikuwa saba. Akidi ilitimia, ajenda nne za mwanzo zikapita bila ubishi, na ilipofika saa saba tukaingia kwenye ajenda ya 5: ombi la kuhamisha milioni 18 kutoka kasma ya mifereji ya maji ya mvua kwenda kasma ya ukarabati wa magari.

Mjumbe wa 2 ndiye aliyeleta hoja. Magari ya kuzolea taka yalikuwa yamelala, akasema, na fedha za ukarabati zilizotengwa zilikuwa milioni 12 tu. Mjumbe wa 4 akamuunga mkono. Mjumbe wa 3, mama mtu mzima ambaye eneo lake liko bondeni na hujaa maji kila masika, alipinga kwa maneno makali. Mjadala ulichukua zaidi ya saa nzima. Ulipoonekana haufiki popote, Mjumbe wa 1 akatoa pendekezo la kurekebisha hoja: badala ya milioni 18, zihamishwe 10.

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri, maana mimi sikupaelewa. Hoja ikiletewa marekebisho, kuna maswali mawili, na kila moja lina kura yake. La kwanza ni je, tubadilishe 18 iwe 10? La pili, baada ya hilo kuamuliwa, ni je, sasa tukubali hoja hii jinsi ilivyo? Mtu anaweza kusema ndiyo kwenye la kwanza na hapana kwenye la pili bila kujipinga hata kidogo. Anasema: kama mtaninyang'anya, basi mninyang'anye kidogo, lakini sikubali kunyang'anywa.

Ndivyo alivyofanya Mjumbe wa 3. Kwenye marekebisho, wajumbe wa 1, 3, 5 na 7 walikubali. Wa 2, 4 na 6 walikataa, kwa kuwa walitaka 18 zote. Marekebisho yakapita kwa kura nne dhidi ya tatu. Ukumbi ukawa na kelele, Mjumbe wa 6 akatoka kupokea simu, na mwenyekiti, akiwa anataka kumaliza, akaita kura ya pili kwa haraka: "Haya, hoja kama ilivyorekebishwa. Wanaokubali?" Mikono minne. "Wanaokataa?" Mkono mmoja. "Imepita. Ajenda ya sita."

Kwenye daftari langu kura ya kwanza niliiandika vizuri, katikati ya ukurasa, namba za wajumbe kwenye safu mbili. Ya pili niliibana pembeni, wima, kwa sababu kalamu yangu ilikuwa bado inamalizia maneno ya mjumbe aliyetangulia. Nilichora hivi: "1 2 4 5 / 3 / 7–". Bila kichwa. Bila swali.

Nilikaa siku sita kabla ya kuchapa. Nilikuwa na kazi nyingine, na nikajiambia kwamba daftari lipo na nimerekodi sauti kwa idhini ya mwenyekiti, haraka ya nini. Siku ya sita nilipofungua ukurasa ule, ile mistari ya pembeni haikuniambia kitu. Nikaiona kama hesabu niliyoanza nikaiacha. Nikachukua safu mbili za katikati, nikaandika kwamba hoja ya kuhamisha fedha ilipigiwa kura, ikaungwa mkono na wajumbe wa 1, 3, 5 na 7, ikapingwa na wajumbe wa 2, 4 na 6, na ikapitishwa.

Ukiitazama sentensi hiyo kwa utulivu, kosa linakukodolea macho. Mjumbe wa 2 ndiye aliyeleta hoja, na mimi nimemwandika kwamba aliipinga. Mtoa hoja akionekana kwenye safu ya waliopinga, jua umechanganya kura mbili, au hoja ilibadilishwa kiasi kwamba mwenyewe akaikana, na hilo la pili lazima liwe limeandikwa. Leo hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye rasimu yoyote, yangu au ya mwenzangu. Siku ile sikukiona. Nilitoa nakala, nikawagawia wajumbe, na kama ilivyokuwa desturi ya ofisi nikaubandika muhtasari kwenye ubao wa matangazo. Sikuandika neno RASIMU juu yake.

Siku ya tatu baada ya kubandika, Mjumbe wa 3 alinipigia simu. Nilitegemea hasira, lakini alizungumza taratibu, na hilo likaniuma zaidi.

"Mwanangu, umeniandika nimeuza mfereji wetu. Kina mama wamekuja nyumbani wakiwa na picha ya ile karatasi. Wamekaa sebuleni kwangu wananiuliza kwa nini. Niwajibu nini?"

Nilimwomba radhi, nikamwambia, "Mama, naisahihisha sasa hivi." Na hapo nikafanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Nilifungua faili, nikaliondoa jina lake kwenye safu ya waliounga mkono, nikaliweka kwa waliopinga, nikachapa ukurasa mmoja, nikashuka ubaoni, nikang'oa wa zamani na kubandika mpya. Kurasa nyingine zilikuwa zimeshaanza kuwa za njano kwa jua. Ule wangu ulikuwa mweupe pepe katikati yao, na pini zilikaa kwenye matundu tofauti na ya wenzake.

Sikumwambia mwenyekiti. Sikuwaandikia wajumbe wengine. Wala sikuhesabu. Ukurasa mpya ulisema walioafiki ni watatu, waliopinga ni wanne, na mstari wa chini bado ulisema "Hoja ilipitishwa."

Kesho yake kulikuwa na nakala mbili mitaani, na ile ya pili ilionyesha kwamba upande ulioshindwa umeshinda. Watu hawakusema katibu amekosea. Walisema kura zimechezewa. Ningekuwa mimi ni mwananchi nimesimama mbele ya ubao ule, nami ningesema hivyohivyo. Mwenyekiti aliniita akauliza swali moja tu, "Nani amekutuma?" Sikutumwa na mtu, lakini sikuwa na namna ya kulithibitisha hilo. Kwa siku kadhaa sikulala vizuri. Kuna wafanyakazi wenzangu walioacha kuzungumza nilipoingia.

Kilichotakiwa kufanyika nilikuja kuelezwa na katibu mwenyewe aliporudi likizo. Muhtasari ukishatoka mikononi mwako, hata kama haujathibitishwa, huna tena ruhusa ya kuugusa kimyakimya. Ukigundua kosa unamwandikia mwenyekiti, unawaarifu wajumbe wote kwa barua moja inayofanana, unataja ukurasa na mstari, unaweka lililoandikwa na linalopendekezwa kuandikwa, na unasubiri kikao kijacho kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari. Kama nakala iko mahali pa wazi, unabandika kando yake tangazo kwamba ajenda ya 5 ina pingamizi na itasahihishwa kikaoni. Ule wa zamani unabaki palepale. Kuuondoa ndiko kunakozaa maswali.

Kabla ya kikao hicho, mimi na mweka hazina tulikaa mchana mzima na ile rekodi. Nataka niseme wazi jambo ambalo watu hawalitarajii: sauti haionyeshi mikono. Kwenye kura ya kwanza tulibahatika, kwa sababu mwenyekiti alikuwa akiita namba huku akihesabu. Kwenye ya pili tulisikia swali, tukasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, tukasikia "wanne" na "mmoja", basi. Majina hayapo. Kama ningeitegemea rekodi peke yake, msimamo wa kila mtu kwenye kura iliyokuwa na uzito zaidi ungekuwa umepotea.

Kilichotuokoa ni ile mistari ya pembeni. Mweka hazina aliligeuza daftari ubavu, akaisoma kwa sauti: moja, mbili, nne, tano, mkwaju, tatu, mkwaju, saba na kistari. Wanne, mmoja, na mmoja aliyejizuia. Ikalingana na hesabu ya mwenyekiti kwenye rekodi. Ushahidi wa aina mbili, kila mmoja umetoka njia yake, na umekutana. Mjumbe wa 6 hakuwamo kwa sababu alikuwa nje, na mlango tuliusikia.

Kisha tukafanya hesabu ambayo sasa siruki hata siku moja. Kila kura lazima ijumlishe kuwa idadi ya wajumbe wote wa kamati. Kura ya pili: waliokubali 4, aliyekataa 1, aliyejizuia 1, aliyekuwa nje ya ukumbi 1, mwenyekiti ambaye hakupiga 1, mwenye udhuru 1. Jumla 9. Ikija 8, kuna mtu umemsahau. Ikija 10, kuna mtu umemwandika mara mbili. Hii inakulazimisha pia kutenganisha watu ambao kwa uvivu huwa tunawatia kapu moja. Aliyejizuia alikuwapo, akasikia swali, akaamua kutosema upande. Aliyetoka nje hakusikia swali kabisa. Na ipo hali ya tatu, ambayo kwenye ajenda ya 5 haikutokea, lakini kwenye ajenda ya 7 ilitokea: mjumbe aliyetangaza maslahi na kutoka kwa mujibu wa kanuni. Ukimwandika huyo kwamba alijizuia, unamtia hatiani, maana kujizuia ni kushiriki.

Fedha nazo zina hesabu yake. Niliandika tu "milioni 10 zihamishwe". Mweka hazina akaniambia azimio la namna hiyo haliwezi kufanyiwa kazi bila kurudi kuuliza. Andika kasma inayotoa na inayopokea, kabla na baada: mifereji ilikuwa 45, inabaki 35, ukarabati wa magari ulikuwa 12, unakuwa 22. Jumla ya mbili hizo kabla ni 57, na baada ni 57. Kuhamisha hakuongezi wala hakupunguzi bajeti, kwa hiyo jumla zikitofautiana umekosea tarakimu. Taja pia ni toleo lipi la kitabu cha makisio lililokuwa mezani, kwa sababu kitabu hicho hubadilika kati ya kikao na kikao.

Tukaiandika upya sehemu ile hivi:

5.6 Marekebisho ya hoja. Mtoa pendekezo: Mjumbe wa 1. Aliyeunga mkono: Mjumbe wa 5. Swali: "Kiasi cha milioni 18 kibadilishwe kuwa milioni 10." Ndiyo: 1, 3, 5, 7. Hapana: 2, 4, 6. Waliojizuia: hakuna. Mwenyekiti hakupiga kura. Mwenye udhuru: mmoja. Marekebisho yalipitishwa.

5.7 Mjumbe wa 6 alitoka ukumbini.

5.8 Hoja ya msingi kama ilivyorekebishwa. Swali: "Milioni 10 zihamishwe kutoka kasma ya mifereji kwenda kasma ya ukarabati wa magari." Ndiyo: 1, 2, 4, 5. Hapana: 3. Aliyejizuia: 7. Nje ya ukumbi: 6. Mwenyekiti hakupiga kura. Mwenye udhuru: mmoja. Hoja ilipitishwa, na kamati inapendekeza hivyo kwa baraza la halmashauri.

Angalia maneno ya mwisho. Kamati yetu haipitishi bajeti, inapendekeza kwa baraza. Mwanzoni niliandika "kamati iliidhinisha", na neno hilo lingeweza kumfanya mtu wa idara aanze kutumia fedha kabla baraza halijakaa.

Kikao cha kuthibitisha kilikuwa kigumu. Nilisimama nikaeleza nilichokosea, pamoja na ule ukurasa niliobadilisha. Nilidhani hilo ndilo litakalonishinda, kumbe walinisikiliza. Ugumu ulianzia kwingine. Mjumbe wa 5, ambaye nadhani naye alikuwa amepata wageni nyumbani, akanyoosha mkono: "Na mimi nisahihishwe. Nilikataa kwenye kura ya pili."

Mwenyekiti akaomba rekodi ichezwe. "Wanaokataa?" Kimya kidogo. "Mmoja." Na huyo mmoja alikuwa anajulikana. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba kusahihisha muhtasari ni kuufanya ufanane na yaliyotokea. Anayetaka kubadili mawazo ana haki hiyo, na maelezo yake yataandikwa kwenye muhtasari wa leo, kwa tarehe ya leo. Mjumbe wa 5 akakubali. Niliandika maneno yake mahali hapo, neno kwa neno. Tangu siku hiyo siwapigii wajumbe simu mmojammoja kuwauliza "ulipigaje?" Nilikaribia kufanya hivyo wakati natafuta ukweli. Ningepata majibu ya watu walioshasikia wananchi wao wanasema nini.

Mjumbe wa 4 yeye alitaka kitenzi. Nilikuwa nimeandika kwamba Mjumbe wa 3 "alieleza" na yeye "alidai". Akauliza kwa nini mwenzake anaeleza na yeye anadai. Alikuwa na haki kabisa. "Alidai" linamwambia msomaji asimwamini, "alikiri" linamwambia alikuwa anaficha, "alilalamika" linamshusha. Niliyachagua bila kufikiri, nikifuata nani alinigusa moyo siku ile. Sasa natumia "alisema" na "aliuliza" kwa wote, na hoja ya kila mmoja inapata sentensi mbili au tatu, hata kama mmoja amezungumza dakika ishirini na mwingine tatu.

Masahihisho yaliandikwa kwenye muhtasari wa kikao cha siku hiyo. Kwenye nakala rasmi ya zamani tulipiga mstari mmoja juu ya maneno yenye makosa, ili bado yasomeke, tukaandika sahihi pembeni, na mwenyekiti akatia saini ndogo kwenye kila sahihisho. Ukurasa niliouchapa kinyemela uliingizwa kwenye jalada ukiwa na maelezo yangu yaliyotiwa saini. Upo hadi leo.

Nimebadilisha na jinsi ninavyokaa kikaoni. Kabla ya kikao cha bajeti natengeneza karatasi ya kura, moja kwa kila ajenda, yenye mistari tisa na nafasi tatu za kura juu yake, kwa kuwa hoja moja inaweza kurekebishwa zaidi ya mara moja. Juu ya kila nafasi kuna mstari mtupu wa swali. Mstari huo ukiwa mtupu, sianzi kuandika kura. Namwomba mwenyekiti arudie swali, na nikishaliandika namsomea. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo wajumbe waliguna. Pia nachapa jioni ileile, hata ikiwa ni zile kura tu, wakati bado nakumbuka nani alikaa wapi.

Kikao cha bajeti kilichofuata, mifereji ilirudi mezani. Mwenyekiti alisoma swali, nikaliandika, nikalisoma. Ilipofika zamu ya Mjumbe wa 3 alisema "Hapana," kisha akainuka kidogo kwenye kiti, akavaa miwani, akaitazama karatasi yangu mpaka kalamu ilipoondoka kwenye mstari wake.

"Haya," akasema. "Endelea na mwingine."